Paneli ya faiba: nguo ulaze upande gani, na ukakamavu wake upimeje (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa mafundi wa boti, wanafunzi wa ufundi na watu wanaojitengenezea bodi na maboksi ya faiba kwa mkono. Nimechukua kesi moja tu ya kufuata mwanzo mpaka mwisho: nguo ya kioo ya kufumwa ya gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka 8, rezini ya polyesta, unene kama milimita 2. Mati ya nyuzi fupi haimo humu, maana nyuzi zake zimelala ovyo na suala la upande halina uzito hapo.

Kwani upande wa nguo una maana gani, si faiba ni faiba tu?

Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapoteza hela. Uzi wa kioo unakaza kwa urefu wake, ukiuvuta kwa urefu ukakamavu wake ni kama gigapaskali 72, wakati rezini iliyokauka ina kama 3 tu. Sasa nguo ya kufumwa ina nyuzi za pande mbili, za mtande na za mshindio, ukiilaza nyoofu nusu ya nyuzi zinakwenda na urefu wa kipande chako na zinabeba mzigo moja kwa moja. Ukiilaza mshazari, yaani digrii 45, hakuna hata uzi mmoja unaokwenda na urefu, mzigo inabidi upite kwenye rezini kutoka uzi hadi uzi, na rezini ni laini. Nguo ile ile, rezini ile ile, ila mshazari unakupa chini kidogo ya nusu ya ukakamavu. Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa uzito, hesabu inatoa kama gigapaskali 14 kwa nyoofu na kama 6.5 kwa mshazari.

Na mpangilio wa tabaka nao unahusu? Au nikishaweka nne nyoofu na nne mshazari basi imetoka?

Hapa ndipo utamu wa somo ulipo. Kwenye kuvuta, mpangilio hauna tofauti kubwa, nne ni nne. Kwenye kupinda mambo yanabadilika kabisa. Kipande kikipinda, uso wa juu unabanwa, uso wa chini unavutwa, na katikati ya unene hakuna kinachotokea. Kwa hiyo tabaka iliyo mbali na katikati ndiyo inayofanya kazi, na siyo kwa kidogo, inaenda kwa mraba wa umbali.

Kwa tabaka 8 zenye unene sawa, zile mbili za nje kabisa, moja juu moja chini, zinabeba asilimia 58 ya ukakamavu wa kupinda peke yake. Nne za katikati zote kwa pamoja zinabeba asilimia 12.5. Ukizipa nne za katikati mshazari hupotezi sana, ukizipa za nje mshazari umeshaharibu, na mzani hautakuonyesha tofauti yoyote kwa sababu uzito ni ule ule.

Nitengeneze paneli ngapi ili nilinganishe?

Mbili tu zinatosha kupata mipangilio minne, na naisisitiza hii sana. Watu wanatengeneza paneli nne, kila moja siku yake, rezini imechanganywa tofauti, unene tofauti, halafu wanashangaa majibu hayaeleweki.

Paneli ya kwanza, laza tabaka zote 8 nyoofu. Ikishakauka, vipande vingine vikate sambamba na ukingo, hao ni A, yote nyoofu. Vingine vikate kwa digrii 45, hao ni B, yote mshazari, bila hata kukata nguo mshazari. Paneli ya pili, laza mbili nyoofu, nne mshazari, mbili nyoofu. Ukikata sambamba na ukingo unapata C, nyoofu nje na mshazari ndani. Ukikata kwa digrii 45 kila kitu kinageuka, nyoofu inakuwa mshazari na mshazari inakuwa nyoofu, kwa hiyo unapata D, mshazari nje na nyoofu ndani. C na D zimetoka kwenye paneli moja, rezini moja, saa moja. Tofauti utakayoiona hapo haina kisingizio kingine.

Vipimo vya nguo, rezini na hadna vikoje?

Chukua paneli ya milimita 400 kwa 400. Nguo ya gramu 200, tabaka 8, ni gramu 256. Lenga rezini uzito sawa na nguo, ila nyingine inabaki kwenye brashi na kikombe na nyingine itachuruzika pembeni, kwa hiyo andaa kama gramu 300. Usichanganye zote kwa mpigo. Kwenye joto la Dar au Mombasa rezini nyingi kwenye kopo lenye kina inajichemsha yenyewe na kuganda ukiwa bado kwenye tabaka ya tatu, changanya 150 kisha 150, tena kwenye chombo kipana.

Hadna weka asilimia 1 kama joto ni kali, angalia pia maelekezo kwenye dumu kwa sababu rezini zinatofautiana. Kwa gramu 150 ni gramu 1.5, karibu mililita 1.3, pima kwa bomba la sindano la plastiki, usikadirie kwa kifuniko. Hadna kidogo mno paneli inabaki laini kwa wiki nzima na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Na jambo la usalama ambalo halina mjadala: kama rezini yako inahitaji kianzishi cha kobalti, kikoroge kwanza kwenye rezini kiishe kabisa ndipo uweke hadna. Hadna na kobalti zikikutana peke yake zinawaka au kulipuka. Miwani ya kufunika macho ni lazima, tone la hadna kwenye jicho linapofua.

Nikikata nguo mshazari inavutika na kupinda, nifanyeje?

Hiyo ni tabia yake, ukivuta nguo kwa mshazari ile fumo inajikunja na pembe inatoka 45 inakuwa 40 au chini, nawe huoni. Chora mistari kwa kalamu ya maka kwenye nguo kavu kufuata uzi, mmoja wa mtande mmoja wa mshindio, kabla ya kukata. Kata juu ya meza tambarare kwa kutumia bati au kipande cha plaiwudi cha milimita 400 kwa 400 kama kigezo. Kuibeba, izungushe kwenye bomba, usiishike kona mbili ikaning'inia.

Wakati wa kulowesha, usipake kama unapaka rangi ukuta. Brashi igonge wima, tip tip tip, rezini inashuka yenyewe na nguo haisogei. Rola nayo pitisha taratibu kufuata uzi, siyo kukatisha. Mistari yako utaiona kupitia rezini, weka protrekta ya shule juu yake usome. Ikisogea digrii mbili tatu siyo msiba, ikisogea kumi toa tabaka weka nyingine.

Unene nitaufanyaje uwe sawa?

Tumia vioo viwili vya dirisha, au taili mbili kubwa zilizonyooka, moja chini na moja juu. Paka waksi tabaka kadhaa, kila moja iache ikauke uisugue. Laza kazi yako, funika na karatasi ya nailoni ngumu isiyo na mikunjo, hii pia inazuia hewa ambayo huwa inaacha uso wa polyesta unanata. Kwenye kona weka vipande vya bati vya milimita 2, shusha kioo cha juu polepole kuanzia upande mmoja ili hewa itoke upande wa pili, kisha weka uzito. Rezini ya ziada itatoka pembeni.

Ukishaitoa na kupunguza kingo mpaka 360 kwa 360, ipime kwenye mzani. Nguo iliyomo humo unaijua, ni kama gramu 207. Paneli ikiwa karibu gramu 415 uko nusu kwa nusu. Ikiwa 480, umebakiza rezini nyingi. Ishikilie kwenye mwanga pia, madoa meupe ni hewa au sehemu kavu, na ukigonga na sarafu sehemu iliyoachana inatoa sauti iliyokufa wakati nzima inalia.

Nikate lini na nikate vipi?

Subiri wiki, na paneli zote mbili ziwe na umri sawa siku ya kupima. Polyesta inaendelea kukaza siku nyingi baada ya kuonekana imekauka. Vipande viwe upana milimita 25, urefu 160, vitano nyoofu na vitano mshazari kutoka kila paneli, vinaingia vyote kwenye 360 kwa 360. Andika herufi kwenye kila kipande kabla hujakata, siyo baada, kwa sababu vikishachanganyika B na D kwa macho ni ndugu. Kata na msumeno wa chuma au disiki huku ukimwagia maji, barakoa na mikono mirefu, vumbi la kioo linawasha na halifai kuvutwa.

Sina mashine ya maabara. Nitapimaje?

Huhitaji. Kupima ukakamavu huvunji kitu, unapinda kidogo tu. Weka nondo mbili laini za duara za milimita 10 juu ya kitu kigumu, bimu ya chuma au zege, zikiwa sambamba na umbali wa milimita 120 kati kwa kati. Kipande kikae juu. Katikati kabisa pitisha kitanzi cha waya mnene au fimbo nyembamba ya chuma inayoshika ndoo ndogo chini. Geji ya mshale inayosoma mia ya milimita igusishe katikati ya kipande.

Ning'iniza ndoo tupu, weka geji sifuri, halafu mimina maji mililita 200, 200, mpaka lita moja. Mililita 200 ni gramu 200, yaani niutoni 1.96. Kila hatua subiri sekunde 30 usome. Kisha geuza kipande, juu chini, urudie.

Kabla ya faiba yoyote jaribu vyuma viwili. Flatibaa ya chuma 25 kwa 6 kwa kilo moja haitakiwi kusogea, geji ikionyesha sehemu ya kumi ya milimita basi kinachopinda ni meza yako. Halafu kipande cha alumini 25 kwa 2, kilo moja inatakiwa kukupa karibu milimita 0.30. Ukipata hiyo, kifaa chako kinasema kweli.

Mbona nafasi iwe 120, nisiweke 40 tu kipande kiwe kifupi?

Nafasi ikiwa fupi tabaka zinateleza kidogo moja juu ya nyingine ndani ya rezini na fimbo inadidimia kwenye uso, geji inahesabu vyote kama kupinda, ukakamavu unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kiwango cha ASTM D7264 kinapendekeza nafasi iwe mara 32 ya unene, kwa milimita 2 ni 64. Sisi tunaenda 120 ili msogeo uwe mkubwa na geji ya bei rahisi iweze kuusoma vizuri.

Hesabu inakwendaje?

Chora mzigo dhidi ya msogeo, pata mteremko `m`, niutoni ngapi kwa kila milimita moja. Halafu:

```
E = (m × L³) / (4 × b × h³)
```

`E` ni ukakamavu unaoutafuta, `L` ni nafasi kati ya nondo, `b` upana, `h` unene, hivi vitatu vyote kwa milimita, jibu linatoka kwa megapaskali. Tuseme kipande kimepinda milimita 1.51 kwa kilo moja. Mzigo ni niutoni 9.81, mteremko ni 6.5. L³ ni 1,728,000. Chini ni 4 × 25 × 8, ambayo ni 800. Jibu ni kama 14,000, yaani gigapaskali 14, na hiyo ndiyo A inayotegemewa.

Namba za kutegemea kwa mipangilio yote minne ni zipi?

Kwa milimita 2 kamili na rezini nusu kwa nusu, kilo moja inatakiwa ipinde A kama milimita 1.5, C kama 1.6, D kama 2.9 na B kama 3.3. Zako zitapishana kidogo kwa sababu ya rezini, fumo na mkono, lakini mfuatano huo haubadiliki.

Angalia C na A. Umegeuza nusu ya nguo yote mshazari na umepoteza chini ya asilimia 10. Halafu angalia D, ina nguo nne nyoofu kama C, imetoka paneli moja na C, lakini inapinda karibu mara 1.8. Mtu akikuambia paneli yake ina nusu kwa nusu, muulize zipi ziko nje.

Kipande changu cha A kimepinda kidogo kuliko cha rafiki yangu lakini E yangu ni ndogo. Nani mzuri?

Pima unene kwa maikromita kabla ya kubishana, sehemu tatu au zaidi kwenye urefu. Unene unaingia kwa kipeo cha tatu, ukikosea sehemu ya kumi ya milimita kwenye milimita 2 umekosea karibu asilimia 15 kwenye E. Ndiyo maana kalipa haitoshi.

Na kuna mtego hapa. Tabaka zile zile 8, ukibakiza rezini nyingi unene ukafika 2.2, nyuzi zimekuwa chache kwa ujazo na E inashuka kama asilimia 7, lakini kipande chenyewe kinakaza zaidi ya asilimia 20 kwa sababu nyuzi za nje zimesukumwa mbali na katikati. Umelipa kwa uzito na rezini tu. Kwa hiyo ukilinganisha mipangilio tumia E, siyo msogeo mtupu, na ukilinganisha kazi halisi andika na uzito pembeni.

Vipande vya B vinaendelea kushuka hata sijaongeza maji. Geji mbovu?

Geji nzima. Kwenye mshazari rezini ndiyo inabeba, na plastiki ikikaa na mzigo inatambaa. Ndiyo maana tunasoma kwenye sekunde 30 kila mara, siyo ukikumbuka. Ukitoa ndoo B na D zinaweza zisirudi sifuri papo hapo, zipe dakika chache. Zikibaki zimepinda moja kwa moja, ama umepitisha mzigo ama rezini haijakauka, na dalili ya pili ni kwamba hata A yako itakuwa inatambaa.

Kwa hiyo mshazari haufai, tuachane nao?

Hapana ndugu, usiondoke na hiyo. Kusokota ni kazi ya mshazari. Kwa nguo hii, ukakamavu wa kukinza msokoto ndani ya paneli ni kama gigapaskali 2 kwa nyoofu na kama 6 kwa mshazari. Shika kipande cha A na cha B kwa mikono miwili uvisokote, utaisikia bila geji. Ubavu wa boti, boksi, bomba, vyote vinasokotwa, na huko mshazari ndani na nyoofu nje kama C ni mpangilio wenye akili.

Na kipimo chetu kinauonea mshazari. Kwenye kipande cha upana wa 25, uzi wa digrii 45 una urefu wa kama milimita 35 tu kutoka ukingo hadi ukingo, umeshakatwa kabla haujafika kwenye nondo. Kwenye paneli pana iliyoshikwa pande zote uzi huo hauna pa kukatikia na paneli haiwezi kujibana kwa upana, kwa hiyo mshazari unakaza zaidi ya vipande vinavyoonyesha. Usichukue 6.5 ukaipeleka kwenye sakafu ya boti yenye upana wa mita.

Paneli yangu imejipinda yenyewe baada ya kukauka, ni kwa sababu nilichanganya pande?

Kwa nguo yenye nyuzi sawa pande zote mbili, mara nyingi siyo. Nguo hiyo inasinyaa sawasawa hata ukiigeuza. Kinachoipinda ni rezini iliyojikusanya upande mmoja, polyesta inasinyaa sana ikikauka, upande wenye rezini nyingi unavuta na paneli inajikunja kuelekea huko. Kagua kingo ulizokata, utaona safu ya rezini tupu kwa juu.

Ila kama nguo yako ni ya nyuzi za upande mmoja tu, hapo juu na chini lazima zifanane kama kwenye kioo. Nyuzi za urefu upande huu na za upana upande ule, itajikunja kila mara.

Nitahakikishaje tabaka zimelala nilivyokusudia?

Chukua kibanzi kilichobaki, nenda nje penye upepo, kichome kwenye jiko la mkaa kikiwa juu ya bati, ukae mbali na moshi maana ni mweusi na mbaya. Rezini inaungua yote, kioo hakiungui. Acha kipoe, vaa glovu na barakoa, inua tabaka moja moja kwa kibano, zinatoka kama karatasi za majivu, fumo bado inaonekana. Hesabu nane, pima pembe ya kila moja ukilinganisha na ukingo, andika. Kwa paneli ya pili ukikuta ya tatu kutoka nje ni nyoofu badala ya mshazari, umeshajua kwa nini namba ya C imekaribia A kuliko ilivyotakiwa.

Nitoe majibu kwa kipande kimoja au kwa wastani?

Wastani wa vitano, na andika kubwa na ndogo pia. Vitano vya A vikitofautiana kwa asilimia 5 ni kazi safi ya mkono. Kimoja kikiwa mbali na wenzake, rudi kwenye maikromita kwanza, halafu kishike kwenye mwanga utafute hewa, ndipo uamue kukitoa.